Mrejesho: Hadithi ya bibi, mjukuu na karatasi ya dawa

Swali langu lilikuwa: "Katika hadithi yangu fupi, binti anamsomea bibi yake karatasi ya dawa ya magoti na kugundua onyo. Ni onyo gani litakaloaminika?"

Ndugu zangu, nawashukuru. Nilifuata ushauri wa mfamasia aliyependekeza bibi awe anameza losatani ya shinikizo la damu, kisha anunue diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, dukani bila kuulizwa lolote. Binti anasoma kwa sauti, akitafsiri kutoka Kiingereza, hadi anapofikia mstari unaomtaka mwenye shinikizo la damu amweleze daktari kwanza, kwa kuwa diklofenaki inaweza kulipandisha na, ikichanganywa na dawa kama losatani, kuumiza figo. Hapo bibi anakumbuka miguu yake iliyovimba tangu juzi, ambayo alikuwa akivisingizia viatu.

Rasimu ya kwanza ilikosea, kwani binti alitupa dawa zote, na mmoja wenu akanionya kwamba bila losatani shinikizo lingepanda tena. Sasa wanapeleka vidonge vyote pamoja na karatasi kituo cha afya, ambako diklofenaki inasitishwa na bibi anapewa parasetamoli. Magoti bado yanamuuma. Mwisho huo haujaniridhisha, lakini nimeuacha.