Mrejesho: kurekodi sauti za watu soko la Mwanjelwa, Mbeya

Niliuliza: "Nikihoji watu sokoni kwa ajili ya redio jamii, bajaji zinasikika kuliko wao. Nifanyeje?"

Wakuu, asanteni sana. Nilisogeza maiki hadi karibu shubiri moja kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu, nikavaa hedifoni muda wote. Bajaji sasa zinasikika kwa mbali tu. Mama muuza viazi alikubali niliposema, "Shikamoo mama, naomba swali moja tu, nusu dakika." Nilipouliza, "Bei imepanda?" alijibu "Ndiyo," akanyamaza. Nikabadilisha: "Bei hii imebadilisha nini nyumbani?" Hapo akafunguka kweli.

Upepo bado unanishinda. Sifongo ya maiki haikutosha, mahojiano mawili yamevuma, hayafai kurushwa. Kesho nitawasimamisha watu kwenye kona ya ukuta, upepo usipofika.