Nimweleze vipi fundi wa Lamu masharti ya oda ya milango 24?

MpokeaMizigo
Assalam alaykum. Hoteli moja hapa Malindi inaagiza milango 24 ya mvule kutoka karakana ndogo ya Lamu, kila mmoja KSh 28,000. Hati ya oda ni ya Kiingereza, na mimi ndiye wa kumfafanulia fundi kabla hajatia sahihi. Milango ifike mafungu matatu ya 8, tarehe 14 Juni, 28 Juni na 12 Julai. Faini ya kuchelewa ni nusu asilimia kwa siku, mwisho asilimia 5. Upana ni milimita 810, kuzidi 0, kupungua 2. Fremu zishajengewa na uwazi wake ni 816. Mkaguzi atapima milango 3 katika kila fungu, na mmoja ukianguka fungu zima linarudi. Nimemwambia "kosa la milimita mbili halina neno". Nimemweleza sawa?

RandaNaPatasi
La, hapo umemtia shimoni. Akisikia hivyo atatoa mlango wa 812 na kulala usingizi, kumbe juu ya 810 hana ruhusa hata ya moja. Mwambie mlango uwe kati ya 808 na 810, alenge 809. Mpe na sababu: ukitoa 810 kwenye 816 zinabaki milimita tatu kila upande, na humo humo rangi inataka nafasi yake, na mbao ikivimba kwa unyevu wa pwani inataka yake.

Mtego mkubwa ni futi kamba. Akisoma upande wa inchi, 810 ataiita "inchi 32", na inchi 32 ni karibu 813. Milango yote 24 itakuwa mibovu na kila mmoja utakuwa umepimwa vizuri! Mchongee fimbo mbili ngumu, moja ya 808, nyingine ya 810, uzipime kwa futi kamba ile ile ya mkaguzi. Upana wa mlango usipungue fimbo ya kwanza wala kuzidi ya pili. Apime juu, katikati na chini, maana mlango huweza kuwa sawa juu na kunenepa chini.

Nahodha_77
La kurudisha mzigo lisimtishe. Hoteli ikishatia sahihi hati ya kupokea, imekubali. Hairudishi tena.

KutiKavu
Ndugu, usianze kukata mbao bila kulipwa nusu. Mimi nauza vitanda vya kamba, hoteli ilinizungusha miezi minne.

MpokeaMizigo
Ahsante @KutiKavu, ila fundi si mimi.

BiUgavi
@Nahodha_77 umepata nusu. Sahihi ya kupokea inathibitisha kwamba mzigo umefika tu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inampa mnunuzi nafasi ya kuukagua kwanza. Akikaa nao kupita muda wa kiasi bila kusema anaukataa, huhesabiwa ameukubali. "Muda wa kiasi" ni maneno ya kugombaniwa, basi muandike siku: ukaguzi ndani ya siku 7, na kukataa kuwe kwa maandishi, kukitaja mlango upi na kipimo gani.

Jambo jingine ambalo fundi hatalitarajia: kwa sheria hiyo, kama hamkuafikiana vinginevyo, mnunuzi aliyekataa kwa haki hana wajibu wa kurudisha mzigo. Anatoa taarifa tu. Lori la Malindi hadi Mokowe na mashua ya kuvukia Lamu ni juu ya fundi. Ndiyo maana sharti la fungu zima ni zito: mlango mmoja mbovu ukiangukia sampuli, saba mizima inasafiri nao. Omba libadilishwe, sampuli ikianguka wapime yote 8 na warudishe mibovu tu. Mnunuzi akikataa, fundi apime yote 8 mwenyewe kabla ya kupakia.

Kwenye faini, uliza ni nusu asilimia ya nini. Ya fungu lililochelewa, 224,000, ni KSh 1,120 kwa siku, na inagota 11,200 siku ya kumi. Ya oda nzima, 672,000, ni 3,360 kwa siku. Na tarehe 14 ni ya kushusha hotelini, si ya kuondoka Lamu.

MpokeaMizigo
Nimeuliza, ni ya fungu. Sampuli bado wanavutana. Je, mlango ukipita kipimo, kisha ukapinda baada ya mwezi chumbani?

RandaNaPatasi
Chumba cha kiyoyozi ni kikavu kuliko karakana, mbao mbichi itasinyaa tu. Andikeni unyevu wa mbao upimwe siku ya kupokea. Baada ya hapo si mzigo wa fundi.

BiUgavi
Hapo sikubaliani. Kipimo cha unyevu cha sindano kinasoma karibu na uso, na mbao nene huweza kuwa kavu nje, mbichi ndani. Mnunuzi yeyote makini atataka dhamana ya miezi kadhaa.

RandaNaPatasi
Na fundi ataidhamini vipi hali ya hewa ya chumba asichokishika ufunguo?