Naomba ushauri: klipu ya pili inasimama kwanza ndo inaendelea

Wadau habari zenu, niko Kampala hapa natengeneza tangazo fupi kwa AI, boda inapanda kilima na mzigo wa matoke nyuma. Klipu inaishia sekunde 5 na mi nataka 10, so nachomoa fremu ya mwisho hivi:

```
ffmpeg -sseof -1 -i boda.mp4 -update 1 mwisho.png
```

Halafu hiyo picha ndo naipa iwe mwanzo wa klipu ya pili. Sura ya dereva inabaki ileile, shida iko kwenye mwendo, boda inaganda kidogo pale kwenye kiungo alafu inaondoka upya kama imetoka kwa taa. Naelewa sababu, picha moja haibebi spidi, AI inaona tu boda imekaa barabarani, haijui ilikuwa inakimbia.

Promti ya kuunganisha nimeacha kurudia maelezo ya nguo na barabara maana viko kwa picha tayari, naandika tu "boda tayari iko kwenye mwendo, inaendelea kupanda kwa spidi ileile, kamera inaifuata kutoka kushoto bila kusimama". Imepunguza ila haijaisha. Fremu ya kwanza ya klipu ya pili naikata pia, maana ni marudio ya ile ya mwisho.

Sasa wenzangu, nirudi nyuma nichukue fremu ya kabla ya mwisho ambayo magurudumu hayana ukungu? Na rangi mnafanyaje, ya pili inatoka imekolea zaidi, matoke yanang'aa vibaya.