Mrejesho: mpira wa mkojo na homa wodini

Swali langu lilikuwa: "Wagonjwa wa kiharusi wenye mpira wa mkojo wanapata homa baada ya siku chache, ingawa tunauweka kwa glavu stereli. Tunakosea wapi?"

Asanteni wakuu. Tatizo kubwa lilikuwa kiungo cha mpira na mfuko. Kilikuwa kinafunguliwa kila sampuli ikihitajika, na kila kikifunguliwa, vijidudu vinapata njia ya ndani hadi kwenye kibofu. Sasa hakiguswi. Bomba la mfuko linabanwa kwa muda mfupi chini ya kitundu cha sampuli, kitundu kinapanguswa kwa spiriti na kuachwa kikauke, kisha mkojo unavutwa kwa sirinji stereli. Mkojo wa mfukoni hauoteshwi, maana umeshakaa humo na vijidudu vimezaliana. Kiungo kikichomoka chenyewe, tunabadilisha mpira na mfuko vyote.

Mfuko unaning'inia chini ya kibofu bila kugusa sakafu, hata mgonjwa akipelekwa eksirei. Wanaomsukuma hupenda mno kuuweka tumboni, na mkojo unarudi.

Kuhusu uwekaji, kwa mwanamke mpira ukiingia ukeni kimakosa, unaachwa hapo kama alama na mpya unatumika.

Kila asubuhi sababu ya mpira inaandikwa kwenye faili. "Anajikojolea" haikubaliki, huyo anapewa nepi. Mpira ukitolewa, tunafuatilia kama amekojoa ndani ya saa 6.