Chati ya bitikoini ya miaka mingi: logi au skeli ya kawaida?

Mgenichati: Wakuu, nikifungua chati tangu 2013 kwa skeli ya kawaida mstari umelala chini miaka kibao halafu unapaa ghafla, nikiweka logi unakuwa mlima wa taratibu. Ipi inadanganya?

Kobe: Logi ndo sahihi, hamna mjadala, maana kila bei ikizidi mara mbili inapanda urefu ule ule, iwe toka 100 au toka 10,000. Bei ilifika kama dola 1,150 mwishoni mwa 2013, mwanzoni mwa 2015 iko 200, anguko la zaidi ya asilimia 80, ila kwenye chati ya kawaida inayofika laki moja hulioni hata uvae miwani. Halafu ukiunga mabonde kwa logi unapata sakafu, bei haivunji hapo.

Bi Hesabu: Ulianza vizuri Kobe, hiyo sakafu ndo imeumiza watu. Tuichore basi. Bonde la Januari 2015 tuseme 200, la Desemba 2018 kama 3,200, yaani mara 16 kwa karibu miaka minne. Mstari ulionyooka kwenye logi unadai mara 16 nyingine, kwa hiyo mwishoni mwa 2022 bonde liwe 51,000 hivi. Likaja kama 15,500! Mabonde yale yale kwenye skeli ya kawaida yanaongeza 3,000 tu, unapata 6,200. Yote miwili imekosa, maana bei haikukua kwa dola zile zile wala kwa asilimia ile ile, asilimia yenyewe ilikuwa inapungua.

Kobe: Basi unachora upinde badala ya mstari.

Bi Hesabu: Kwa mabonde matatu? Kila mtu atakuja na upinde wake na kila mmoja utayagusa.

Tisa: samahani nikihama logi kipimo changu cha RSI cha kasi ya bei na stopu yangu ya kuuza zinabadilika??

Bi Hesabu: Hapana ndugu, bei ni zile zile, nafasi kati ya namba kwenye mhimili wa bei ndo inabadilika.

Mzee Kijani: Mi nilinunua karibu na kilele cha 2021, kule 69,000, ikaenda mpaka hizo 15,500. Ukichora 2015 mpaka 2022 tu, kwenye logi hilo anguko ni robo tu ya urefu wa chati, kwenye kawaida linakula zaidi ya robo tatu. Hela niliyopoteza ni ile ya robo tatu, msinipake mafuta.

Bi Hesabu: Hapo una haki mzee, kwa maumivu ya mzunguko mmoja hata mi naangalia ya kawaida.

Sindimba: Mi ya kawaida ndo iliniponza. Sarafu fulani ndogo ilitoka dola 50 ikafika 1, kwenye chati imegusa sakafu kabisa, nikasema haina pa kwenda tena nikajaza, ikaenda senti moja, asilimia 99 imeyeyuka na ule mstari hata haujatikisika. Kwenye logi ungeona bado inaporomoka tu.

Kobe: Si ndo nilichosema mimi.

Mzee Kijani: Ulisema haivunji sakafu Kobe.