Maziwa freshi yananiharisha, mtindi haunidhuru. Nafanyaje nikienda ukweni?

Mlindi_Arusha
Wakuu, naombeni ushauri. Nina miaka 31, kwetu Lindi, nimeoa Monduli. Mwezi uliopita mama mkwe alinikaribisha maziwa freshi, kikombe cha nusu lita hivi. Nikanywa yote, ungekataaje? Baada ya saa moja na nusu tumbo likaanza kunguruma, likajaa gesi, kisha nikaanza kukimbilia chooni mpaka usiku. Mke wangu na kaka zake walikunywa maziwa hayohayo, wakalala kama watoto. Chai ya maziwa naivumilia, mtindi ndiyo kabisa haunisumbui. Utotoni nilikuwa nakunywa uji wa maziwa bila shida. Nimebadilikaje? Na vile vidonge vya laktasi, kile kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, ninavyosikia vinasaidia kweli? Tunarudi huko baada ya wiki tatu.

Babu_Kahawa
Uliacha kunywa, mwili ukasahau. Anza na vijiko viwili kila siku, ile laktasi itarudi yenyewe. Mimi nilifanya hivyo na sasa nakunywa glasi nzima.

Kibuyu
Babu, umepata nusu. Laktasi hairudi kwa mazoezi. Kinachozoea ni bakteria wa utumbo mpana, wanaanza kuila ile sukari ya maziwa bila kutoa gesi nyingi. Ndiyo maana wewe umepata nafuu.

Mlindi, mtoto mchanga ana laktasi ya kutosha kwa sababu chakula chake ni maziwa. Akishaachishwa ziwa, jeni inayoitengeneza hupunguzwa kasi taratibu, anywe maziwa asinywe. Ndivyo ilivyo kwa binadamu wengi na kwa wanyama wanaonyonyesha. Ukoo wa mkeo ndio wa pekee. Mwaka 2007 kundi la Sarah Tishkoff lilichapisha utafiti uliofanywa Tanzania, Kenya na Sudan, na likakuta kwa wafugaji herufi moja imebadilika jirani na jeni hiyo, kwa hiyo swichi haizimiki. Wazungu nao wana badiliko lao, tofauti na hili. Kila upande ulilipata kivyake.

Sasa piga hesabu. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 5 za laktosi, ndiyo hiyo sukari ya maziwa, kwa kila mililita 100. Nusu lita ni gramu 25 kwa mkupuo, tena nadhani tumbo lilikuwa tupu. Sukari isiyovunjwa huvuta maji utumboni, halafu bakteria wanaichachusha: hapo ndipo kuharisha na gesi. Chai yako huenda ina gramu 5 tu, na wengi wenye hali yako huvumilia hata 12, hasa pamoja na chakula.

MamaKulwa
Jamani na mimi mwanangu wa miezi mitano anaharisha tangu juzi, nimwachishe ziwa?

Kibuyu
Usimwachishe, dada. Hilo ni jambo jingine kabisa. Endelea kunyonyesha na umpeleke kituo cha afya leo.

Shemeji_wa_Posta
Vidonge nilivitumia, pesa ya bure. Nilisaga kimoja nikatia kwenye chai ya moto, nikaharisha vilevile.

Kibuyu
Umekipika, mkuu. Laktasi ni protini, moto unaiua. Kidonge humezwa pamoja na fundo la kwanza, kwa maziwa ya uvuguvugu au baridi. Ukikumbuka nusu saa baadaye, umechelewa. Soma kopo: tafuta uniti za FCC zinazopima nguvu ya laktasi, dozi ya kawaida kwa mlo ni kama 4500. Kwa nusu lita huenda isitoshe, hivyo punguza kikombe pia. Na hakifanyi kazi kesho, ni kwa mlo huohuo tu.

Kuhusu mtindi: bakteria wameshakula sehemu ya laktosi, na wale wa yogati hubeba kimeng'enya chao ndani ya miili yao, kikapita tumboni salama na kufunguka utumboni. Lakini ukiuchemsha mtindi, faida hiyo inakwisha. Mtindi wa kienyeji bakteria wake hutofautiana kibuyu kwa kibuyu, kwa hiyo siwezi kukuahidi kila mmoja utakufaa.

Babu_Kahawa
Basi anywe ya mbuzi.

Kibuyu
Laktosi yake ni pungufu kidogo sana, Babu. Haimsaidii.

Mlindi_Arusha
Asanteni. Mke wangu kasema atamwambia mama anipe mtindi, na kidonge nitakiweka mfukoni endapo kaka zake wataleta kikombe. Swali la mwisho: binti yetu ana miaka minne, anakunywa freshi bila shida. Ameepuka?

Kibuyu
Mapema mno kujua, kwa umri huo swichi inaweza kuwa bado haijazimwa. Nakala moja ya badiliko inatosha. Mkeo akiwa nazo mbili, binti amepona. Akiwa na moja, ni kama kurusha shilingi.

Shemeji_wa_Posta
Kumbe chai ndiyo ilikiua! Na kile kidonge nilikinunua ghali.