Episodi 38, halafu mnatuachia KITASA?

Mwana wa Kirumba (mleta uzi)
Wakuu, hii tamthilia ya YouTube jina sitaji, mnawajua. Ni wale wale wa sebule yenye makochi ya zambarau na saa ya ukutani ambayo tangu episodi ya kwanza inasoma saa nne na dakika kumi, iwe asubuhi, iwe usiku wa manane. Jana wamepandisha ile iliyoandikwa "EP 38 MWISHO" kwa herufi kubwa, na kikatuni cha machozi pembeni.

Mwisho gani? Mama wa watu kapanda ngazi dakika nne nzima. Nyumba ina ghorofa moja lakini alivyokuwa anapanda ungedhani anakwea Kilimanjaro. Kafika mlangoni. Kashika kitasa. Picha ikaganda. "SIZONI 2 INAKUJA."

KITASA. Episodi 38 tunataka kujua nani yuko nyuma ya mlango, tunaonyeshwa kitasa. Hata hakijazungushwa. Wangekizungusha kidogo basi, tusikie kinalia.

Tena mimi si mjinga, nilipiga hesabu usiku ule ule kwa hasira. Kila episodi wameandika dakika 22. Marudio ya jana dakika 3, wimbo dakika na nusu, kuombwa tubonyeze kengele na tangazo la juisi dakika 1, vionjo vya kesho dakika na nusu. Zinabaki 15. Dakika 7 mara 38 ni 266, yaani saa nne na nusu kasoro za hewa. Saa nne na nusu za kungojea kitasa!

Wanaharamu wa sanaa hawa. Nimemaliza.

Nimekaa Pale
Pole mkuu. Ulitegemea aliye nyuma ya mlango atoke mwenyewe akusalimie? 😂

Dada Pasiansi
Mleta uzi kaangalia zote 38 halafu anatukana. Ungeacha ya tatu ungekuwa umelala mapema.

Mzee wa Igoma
Kijana, kosa lako ni kuangalia za mtandaoni. Angalia za king'amuzi, Maisha Magic Bongo au Sinema Zetu. Kule kuna mhariri, kuna mkataba, sauti inakaguliwa. Tamthilia ikifika kwenye king'amuzi ujue ni nzuri na ina mwisho.

Fundi Sauti
Mzee shikamoo. Uko sahihi nusu. Sauti na picha kule kwa kawaida ni nzuri zaidi kwa sababu kuna anayepokea kazi na anaweza kuirudisha. Ila kuhusu mwisho, hapana. Tamthilia inayojaza nafasi ya kila jioni haina haraka ya kuisha, maana ikiisha lazima itafutwe nyingine ya kuziba ile saa. Ndiyo maana unakuta zinapita episodi mia mbili na mtoto aliyeibiwa hospitali bado hajajulikana ni wa nani.

Kwa mleta uzi: hasira zako za haki, lakini hii ilijionyesha mapema. Wala huhitaji jioni 38, dakika 30 zinatosha ukijua pa kuangalia. Usianze na episodi ya kwanza. Ile kila mtayarishaji anaipigia pasi, bajeti nzima inaishia pale. Fungua ya tano, ruka mpaka katikati, vaa spika za masikioni, fumba macho dakika mbili. Sikiliza kile kinachovuma nyuma ya maneno: feni, jenereta, kuku wa jirani. Kama feni inavuma mama akiongea, halafu inanyamaza ghafla baba akijibu, halafu inarudi, ujue hawakurekodi sauti ya chumba kitupu ya kutandika chini ya maongezi. Ni dakika moja tu ya kazi pale pale mahali pa kurekodia, watu wote wakae kimya. Anayeshindwa dakika hiyo moja hana subira ya kumalizia hadithi.

Halafu fumbua macho uhesabu simu.

Dada Pasiansi
Simu zipi tena?

Fundi Sauti
Mhusika amekaa peke yake, simu sikioni: "Nini? Unasema Juma ameuza shamba? Na mama yuko hospitali? Lini, jana?" Wewe humwoni wa upande wa pili. Ukikuta moja au mbili ndani ya episodi, kawaida. Ukikuta nne au tano, waigizaji hawakupatikana siku moja, kwa hiyo mwandishi analazimika kutusimulia kwa simu kile tulichopaswa kukiona. Ndugu yake simu ni ile "amesafiri ghafla kwenda Sauzi". Hiyo mara nyingi mtu kadai hela yake hakulipwa.

Hiyo ya kitasa, episodi ya 20 peke yake ina simu sita. Kuanzia hapo haikuwa tamthilia, ilikuwa huduma kwa wateja.

Mwana wa Kirumba
Sita! Na kwenye episodi ya mwisho kaongea na simu huku anapanda ngazi akielekea KWENYE KITASA. Mnaona sasa?

Mtoto wa Nansio
Mimi swali langu tofauti. Huku Ukerewe mtandao jioni unakata, bando la usiku ndiyo linafaa. Nikitafuta jina la tamthilia naletewa vipande vipande, sura zimegeuka, sauti ya katuni. Hiyo ndiyo sizoni 2?

Fundi Sauti
Hapana, hizo za wizi. Wanageuza picha kushoto kulia na kupandisha sauti ili mtambo wa kutambua haki za wenyewe usiwakamate. Angalia maandishi kwenye fulana au bango la duka, yakisomeka kinyume toka hapo haraka. Nenda kwenye chaneli yenyewe, tafuta orodha ya video zilizopangwa. Kama hawajazipanga, kwenye ukurasa wa video bonyeza `Oldest`, zitaanza na za zamani. Wasiopanga orodha mara nyingi wana mapengo, unatoka 14 unaingia 16 bila maelezo. Zihesabu kabla hujaanza.

Na usishangae episodi kukatwa A na B zenye dakika 9 au 10. YouTube inaruhusu matangazo ya katikati kwenye video kuanzia dakika 8, kwa hiyo kipande cha dakika 6 kinavutwa mpaka kivuke. Ngazi za dakika nne zinatoka huko.

Nimekaa Pale
Kumbe yule mama alikuwa anapanda kwenda kwenye tangazo.

Mpenda Bongo
Mnajichosha. Angalia watazamaji. Episodi ya kwanza ina laki tatu? Ni kali. Ina elfu mbili? Pita. Na maoni ya juu yote yanasema "kali sana, mko vizuri". Watu laki tatu hawawezi kukosea.

Bibi Karanga
Wanaweza mjukuu wangu. Laki tatu walionja, hawakumaliza chakula. Chukua hiyo hiyo ya kitasa: ya 5 ina elfu 80, ya 15 ina elfu 71, hapo hakuna shida, kila tamthilia inapunguza watu. Ya 25 ina elfu 30. Nusu nzima imekimbia kati ya 15 na 25. Sasa fungua maoni ya ile ya 20 na 21, lakini usisome ya juu, hayo ni ya mashabiki na ndugu zao. Panga kwa `Newest`. Utakuta wanauliza "Huyu ndiye Zuhura? Zuhura wetu yuko wapi?" Walibadilisha mwigizaji mkuu katikati. Katoka mrefu mweusi kaingia mfupi mweupe, na mume wake hajashtuka. 😅

Ubaya wa kusoma maoni ni kwamba utajua nani kafa. Mimi nasoma ya episodi moja tu, pale watu walipokimbilia, nafunga.

Mpenda Bongo
Ila Bibi, wengine wanahamia kuangalia vipande Tiktok, si kwamba wamekimbia.

Bibi Karanga
Hilo nalo lipo. Lakini nusu nzima kwa mpigo?

Mzee wa Igoma
Marahaba Fundi. Nakubali ya mwisho, ya sauti sikubali, hata Waturuki waliotiwa Kiswahili midomo inatembea huku maneno yako kule, na tunaangalia.

Jembe la Misungwi
Mada ya maana hamuigusi. Kwa nini Msukuma kwenye tamthilia za Dar lazima awe mlinzi wa geti? Miaka yote! Anaongea "l" na "r" zimegongana, kabeba rungu, anacheka hovyo. Hakuna Msukuma daktari?

Dada Pasiansi
🙌🙌 Na ile waliyosema imerekodiwa Mwanza! Wanaanza na droni juu ya jiwe la Bismarck, sekunde kumi, ukishajaa furaha unaingizwa nyumbani Dar mpaka mwisho. Walipotaka ziwa wakaenda baharini. Nyuma kuna minazi imejipanga na ngalawa yenye mbawa mbili. Ngalawa! Nani kaiona ngalawa ya mbawa pale Luchelele?

Mtoto wa Nansio
Hiyo naijua. Kuna sehemu baba anatoka kuvua dagaa saa sita mchana, jua la utosi, anarudi na ndoo imejaa. Dagaa wanafuata taa, wanavuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa watu wanalala nyumbani. Mwandishi hakuuliza hata mvuvi mmoja.

Jembe la Misungwi
Na wakitaja kijiji cha Usukumani, jina la kijiji linakuwa la Kipare.

Fundi Sauti
Lakini hicho ni kipimo kizuri, kuliko hata feni. Tafuta kitu kimoja unachokijua vizuri, dagaa, ushonaji, gereji, chochote, uone wamekionyeshaje. Asiyeuliza kuhusu dagaa hatauliza kuhusu mahakama wala hospitali, na kesi ya urithi itaamuliwa na hakimu siku hiyo hiyo saa nne na dakika kumi.

Mwana wa Kirumba
Wakuu turudi kwenye kitasa. Kuna mtu anajua nani yuko nyuma ya mlango? Serious naomba.

Nimekaa Pale
Mlinzi Msukuma.

Mtoto wa Nansio
Mimi sikubali hata taa walizoweka kwenye ile ya dagaa. Walining'iniza karabai moja ndani ya mtumbwi. Wavuvi wengi siku hizi ni taa za betri, zinaelea juu ya maji, mtumbwi unazizunguka na wavu.

Jembe la Misungwi
Karabai zipo bado, acha kubisha.

Mtoto wa Nansio
Zipo wapi? Taja mwalo.

Bibi Karanga
Nyie wa dagaa, pale Mwaloni ndoo ndogo ya waliokauka vizuri, wasio na mchanga, mnauziwa bei gani wiki hii?